Shambulizi Unalolitazama Limeshaisha

Mimi ni fundi wa madishi na ving'amuzi hapa Kisumu, na lalamiko ninalolisikia zaidi wikendi si la mvua kukata picha. Ni hili: "Omera, hawa watu wa kampuni wanajua matokeo!" Anayesema huwa ameshika simu yenye apu ya kampuni ya kubeti, kidole kiko juu ya odi, ile namba inayozidisha dau ukishinda. Timu yake inashambulia kwenye skrini naye anataka kuweka mia mbili kwamba goli litaingia. Kabla mshambuliaji hajapiga, kufuli linatokea kwenye odi zote. Sekunde chache baadaye mpira uko wavuni. Ukumbi mzima unaruka, yeye anabaki ameduwaa na simu yake, na kwa akili yake kesi imekwisha: kampuni ikifunga odi kabla ya goli, basi goli lilipangwa.

Mechi hupangwa, hilo halina ubishi, na watu wamefungiwa kwa sababu yake. Lakini kufuli la mapema haliwezi kuwa ushahidi. Goli hilo lilikuwa limeshafungwa. Wachezaji walikuwa wamekwisha kukumbatiana kwenye kibendera cha kona wakati sisi hapa Kondele tukimtazama mshambuliaji akipokea pasi. Kampuni haikuona mbele. Sisi ndio tulikuwa nyuma, na mtu akishaelewa tuko nyuma kiasi gani na kwa nini, anaanza kuisoma ile apu kwa namna nyingine kabisa.

Habari ya mechi hutoka uwanjani kwa njia mbili. Njia ya kwanza haina picha. Kwenye jukwaa kuna mtu anayeitwa skauti, ameajiriwa na kampuni ya takwimu, mkononi ana simu au tableti yenye vitufe: shambulizi, shambulizi la hatari, kona, huenda ni penalti, huenda ni goli, goli. Anabonyeza kwa kadiri anavyoona kwa macho yake. Hangoji refa athibitishe. Kile kitufe cha "huenda" kipo kwa ajili hiyo, ili odi zifungwe kwanza na ukweli ujulikane baadaye. Takwimu rasmi za kubeti za Ligi Kuu ya Uingereza zimekuwa mikononi mwa Genius Sports tangu 2019, kwa mkataba na Football DataCo, wasimamizi wa takwimu za ligi hiyo, na ligi nyingine zina wenyewe. Ujumbe wa skauti ni mdogo sana. Unaingia kwenye seva za kampuni ya takwimu, unatoka kwenda kwa kampuni za kubeti, na kompyuta za huko zinafunga au kubadilisha odi zenyewe bila mtu kugusa. Kutoka Ulaya hadi simu yako, ukipitia nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa, safari inamezwa ndani ya sekunde moja. Ukijumlisha na kidole cha skauti, kufuli linakufikia sekunde mbili au tatu baada ya tukio.

Njia ya pili ndiyo ya picha, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Watu wengi hudhani picha huchelewa kwa sababu setilaiti iko mbali. Iko mbali kweli, karibu kilomita 35,786 juu ya ikweta, lakini mawimbi hukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni robo ya sekunde. Hata picha ikipanda na kushuka mara mbili njiani, umepoteza nusu sekunde tu. Muda unaliwa chini, kwenye mashine. Picha ya mpira ikiwa mbichi ni nzito mno kurushwa, kwa hiyo lazima ibanwe, na mashine ya kubana haiwezi kubana picha moja moja ikazituma papo hapo. Hukusanya picha kadhaa kwanza, ikazilinganisha, ikaona nini kimebadilika na nini kimebaki vilevile (nyasi, mashabiki, ubao wa matangazo), ndipo inatuma mabadiliko peke yake. Kukusanya huko ni kungoja. Na hakutokei mara moja: picha hubanwa ikitoka uwanjani, ikafunguliwa studio, ikawekwa maandishi na sauti ya mtangazaji, ikabanwa tena, ikachanganywa na chaneli nyingine kwenye mkondo mmoja, ikafungwa kwa siri ili asiyelipa asione, ikarushwa. King'amuzi chako nacho hushikilia kiasi kabla ya kuonyesha, ili picha isikatikekatike. Mwisho wa yote, mwenye dishi huwa nyuma ya uwanja kwa sekunde tano hadi kumi hivi. Mwenye king'amuzi cha antena mara nyingi huongezewa kidogo, kwa sababu mawimbi hutua kwanza kwenye mtambo wa kurusha ndipo yamfikie. Ndiyo maana ukumbi wa ng'ambo ya barabara hupiga kelele za goli nyinyi mkiwa bado mnaangalia mpira wa kurusha. Niliwahi kuitwa na mwenye ukumbi akitaka nimtengenezee hilo. Nilimwambia hakuna skrubu ya kukaza hapo.

Strimu ya simu ndiyo iko nyuma kuliko zote, na sababu yake iko wazi mtu akitaka kuitafuta. Video ya intaneti hukatwa vipande. Katika mfumo unaoitwa HLS, ambao ulianzia Apple na sasa umeenea kila mahali, urefu unaopendekezwa ni sekunde 6 kwa kipande. Kipande hakiwezi kutumwa kabla hakijakamilika, kwa hiyo sekunde 6 zimekwenda. Halafu kanuni ya mfumo huo inasema kicheza video kisianzie kwenye kipande kilicho karibu na mwisho. Kinapaswa kubaki nyuma kwa angalau urefu wa vipande vitatu, ili mtandao ukiyumba kiwe na akiba ya kuonyesha. Tatu mara sita ni 18. Jumlisha na zile 6, jumlisha na sekunde za uwanjani na studio ambazo hata wenye dishi walizilipa, na unajikuta sekunde 30 hadi 45 nyuma ya mpira halisi. Upo mfumo mpya wa HLS wa kupunguza hayo hadi sekunde chache, lakini usidhani strimu yako inautumia kwa sababu tu picha ni safi. Picha safi na picha ya mapema ni vitu viwili. Kuhusu zile strimu za kuibia, kuna mtu mahali fulani amechukua picha iliyokwisha kutoka kwenye king'amuzi chake, akaibana upya na kuikata vipande upya, kwa hiyo ucheleweshaji wake umepandishwa juu ya ule wa kwanza. Dakika nzima nyuma si ajabu.

Basi odi iko sekunde tatu nyuma ya uwanja na strimu iko sekunde 35. Pengo ni zaidi ya nusu dakika. Watu husikia hivyo wakasema sawa, nimechelewa kidogo, hasara yake ni ipi? Kwa dakika tulivu, hasara karibu haipo. Mechi ikiwa suluhu katika dakika ya 75, na kwa nguvu za timu hizo tunatarajia magoli 0.65 kwa wastani hadi filimbi ya mwisho, tuseme zimebaki dakika 20 pamoja na za nyongeza, basi uwezekano wa goli kuingia ndani ya nusu dakika yoyote ile haufiki asilimia 2. Mpira ukichezwa katikati ya uwanja, kuchelewa nusu dakika hakuna lolote la maana lililokupita.

Tatizo ni kwamba hakuna anayebeti laivu mpira ukiwa katikati. Watu hubonyeza pale moyo unaporuka, na pale ndipo pengo linapouma.

Tuendelee na mechi hiyo hiyo ya kubuni. Suluhu, dakika ya 75, odi ya kwamba goli litaingia kabla ya mwisho ni 1.97. Ukipiga hesabu ya yale magoli 0.65, uwezekano wa angalau goli moja ni kama asilimia 48, kwa hiyo odi ya haki ingekuwa 2.09, tofauti ni faida ya kampuni. Sasa mshambuliaji anachomoka, amebaki yeye na kipa. Saa yetu iwe sifuri hapo. Sekunde ya nne anapiga, kipa anaokoa, beki anautoa mpira nje. Skauti amebonyeza, odi zimefungwa kwa sekunde chache, zimefunguliwa. Mechi inaendelea kuwa suluhu, na kwa kuwa muda unakwenda, odi ya goli inapanda polepole. Ikifika sekunde ya 35 ni 2.01.

Sekunde hiyo ya 35 ndipo kijana mwenye strimu anapomwona mshambuliaji akichomoka. Anatazama simu: odi iko wazi, tena imepanda! Kwa macho yake ni zawadi. Tuseme mchezaji aliyebaki na kipa hufunga mara 40 kati ya 100. Akijumlisha nafasi hiyo na muda uliobaki baadaye, uwezekano wa goli ni kama asilimia 68, na odi ya haki ingekuwa 1.47. Anauziwa kwa 2.01. Kila shilingi mia anayoweka, kwa hesabu yake, inamrudishia wastani wa 137. Anabonyeza sekunde ya 37. Sekunde ya 39 kwenye picha yake kipa anaokoa. Sekunde ya 43 ujumbe unaingia kwamba beti imekubaliwa.

Alichonunua ni mechi ya suluhu ya kawaida, yenye uwezekano wa kama asilimia 47, kwa odi ambayo humrudishia wastani wa shilingi 94 kwa kila mia. Kati ya 137 alizodhani na 94 za kweli kuna shilingi 43, na zote zimetoka kwenye zile sekunde 35 ambazo hakuziona.

Ukiitazama hesabu hiyo tena utaona jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kiini cha habari yote. Odi ikiwa wazi wakati unatazama shambulizi kwenye strimu, huko kuwa wazi kwenyewe ni habari. Kunakwambia kwamba shambulizi hilo halikuzaa goli wala penalti, kwa sababu lingezaa, ungekuta kufuli, au ungekuta odi za mechi ya moja bila. Kwa hiyo kila shambulizi unaloruhusiwa kulibetia ni shambulizi lililokwisha kufa. Yale yaliyofaulu hufungiwa kabla hujayaona. Wengi huchukulia hali hii kama bahati mbaya inayowafuata wao peke yao: "Kila nikiweka, wanakosa, kila nisipoweka, wanafunga." Wanasema kweli, na si bahati.

Kinyume chake nacho kipo. Kufuli likitokea ghafla na likakaa, huku wewe ukiona kipa anapiga mpira taratibu, huenda ni goli, penalti, kadi nyekundu au ukaguzi wa VAR unaokuja kwenye picha yako. Vijana pale ukumbini huitumia kutabiri: "Subirini, kuna kitu!" Ni burudani nzuri. Haina pesa ndani yake, kwa sababu mlango umeshafungwa.

Lipo angalizo moja hapa. Odi iliyo wazi ni habari tu kama simu yako inaipokea ikiwa mpya. Mtandao ukilega, apu inaweza kubaki inaonyesha odi ya zamani bila kukuambia, kila kitu wazi, wakati kwenye seva kufuli lipo tangu kitambo. Dalili yake ni kwamba namba hazitikisiki kabisa hata kwa sekunde ishirini, na saa ya mechi kwenye apu imesimama au inaruka. Hapo ukibonyeza utaambiwa odi imebadilika au soko limefungwa. Na usiache ile alama inayokubali mabadiliko yoyote ya odi ikiwa imewashwa: beti itapita kwa bei ambayo hukuiona, na mara nyingi ni bei mbaya zaidi.

Nimetaja kwamba kijana alibonyeza sekunde ya 37 akakubaliwa ya 43. Hizo sekunde sita nazo watu hulalamikia wakidhani ni uzembe wa seva. Zimewekwa makusudi. Kampuni hushikilia beti ya laivu kwa muda, kwa mpira wa miguu kwa kawaida sekunde tano au zaidi, ndipo iamue. Katika muda huo kikitokea kitu kikubwa, beti inakataliwa. Sababu yake ni watu walio mbele ya skauti au sambamba naye, yaani waliokaa uwanjani. Kwenye tenisi tabia hiyo ilikuwa biashara kabisa: mtu anakaa jukwaani, anatuma matokeo ya kila pointi kwa mwenzake anayebeti. Januari 2014 Mwingereza mmoja alikamatwa Melbourne wakati wa mashindano ya wazi ya Australia kwa kazi hiyo, na mashtaka yakaondolewa baadaye mwaka huohuo. Ule mshiko wa sekunde chache ndio ulioifanya njia hiyo kuwa ngumu. Lakini ona unavyomwangukia mtu wa strimu: aliyekuwa nyuma sekunde 35 sasa anaongezewa sita ambazo kampuni inatazama mbele kabla ya kumjibu. Na hata ikiteleza, beti ikapita baada ya goli halisi kuingia, masharti ya kampuni nyingi huruhusu beti ya namna hiyo kufutwa na dau kurudishwa.

Ukitaka kujua wewe uko nyuma kiasi gani, usipime kwa goli, maana goli huja na kelele na kufuli na huwezi kuhesabu kwa utulivu. Pima kwa mwanzo wa kipindi cha pili. Saa ya mechi kwenye apu husimama 45:00 wakati wote wa mapumziko na kuanza kutembea pale skauti anapobonyeza. Shika saa ya kuhesabia sekunde, ianzishe namba zinapoanza kutembea, isimamishe unapoona mpira ukiguswa katikati kwenye picha. Rudia kwa kona, ukitazama idadi ya kona kwenye apu inapobadilika na refa anapoonyesha kona kwenye picha. Kwenye dishi namba zako zitakaribiana. Kwenye strimu utaona kitu kingine: namba inakua kadiri mechi inavyoendelea. Kila kaduara kanapozunguka kwa sababu bando au mtandao umelega, video inasimama, na ikiendelea inaanzia ilipoishia. Vicheza video vingi havirukii mbele kufidia. Mtu aliyeanza nusu dakika nyuma anaweza kufika dakika ya 80 akiwa dakika nzima nyuma, na hajui. Kufunga strimu na kuifungua upya hurudisha namba chini, hadi kaduara kanapozunguka tena.

Kuna mzee mmoja, jaduong' ambaye nilimfungia dishi Nyalenda, aliyenisikiliza hadi mwisho kisha akasema dawa basi ni kwenda uwanja wa Mamboleo mwenyewe, akae jukwaani ligi yetu ikichezwa, abeti kwa macho yake bila picha wala setilaiti. Ni wazo zuri kuliko la strimu, na kwa pengo la picha amelimaliza kweli: uwanjani yuko nyuma sekunde sifuri. Nilimwomba tu ahesabu pamoja nami. Mpira unaingia, mikono inainuka, atoe simu, afungue mechi, aandike dau, abonyeze: sekunde tano akiwa mwepesi. Skauti alikuwa na kidole juu ya kitufe tangu mpira ulipovuka katikati, na kufuli limekwisha kutokea sekunde ya tatu. Hata akiweka kila kitu tayari mapema, abaki kubonyeza tu, beti yake itaingia kwenye ule mshiko wa sekunde tano au sita na ikute ujumbe wa goli umeshafika. Na hapo sijaongeza mtandao wa simu unavyozidiwa uwanja ukijaa.

"Kwa hiyo nikienda, niende kutazama mpira," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na akienda siku ya mchezo mkubwa awahi, kwa sababu kivuli cha jukwaa hujaa mapema.